Jino Liking'oka kwa Kuanguka, Usilifunge Kwenye Tishu

Mtu anapookota jino la mtoto aliyeanguka, mkono wake hufanya mambo matatu karibu bila kufikiri: hulipangusa vumbi, hulikunja ndani ya tishu, kisha hulitia mfukoni. Nia ni njema. Jino linaonekana gumu, jeupe, kitu kisichoweza kuharibika kwa kukaa mfukoni saa moja au mbili. Kumbe mambo hayo matatu ndiyo yanayoliua. Jino lililong'oka zima na mzizi wake huwa bado lina uhai pale linapolala mchangani, na linaweza kurudishwa mahali pake, likashika tena na kutumika kwa miaka mingi. Linaloamua ni yale yanayotendeka katika dakika chache za kwanza, na katika dakika hizo daktari wa meno hayupo. Yupo mwalimu wa zamu, kaka mtu, jirani, ama dereva wa bodaboda aliyesimama kutazama kuna nini.

Uhai huo umekaa mahali ambapo jicho halioni kitu cha maana. Jino halikuota moja kwa moja kutoka kwenye mfupa wa taya, wala halikugandishwa humo. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba sana, unene wake kama robo ya milimita, uliosukwa kwa nyuzi zinazolishika jino kutoka kila upande. Nyuzi hizo ndizo zinazolifanya jino litikisike kidogo tu mtu anapotafuna mfupa au kuuma muwa, badala ya kuvunjika. Jino linapong'oka kwa kishindo, nyuzi hukatika katikati. Nusu yake hubaki kwenye kuta za tundu, nusu nyingine hubaki imeng'ang'ania mzizi, pamoja na seli hai zinazoutunza utando huo.

Jino likirudishwa huku seli zile za mzizi zikiwa hai, pande mbili za nyuzi huungana upya katika muda wa majuma machache. Likirudishwa huku zimekufa, linaweza kuonekana limeshika vizuri, lakini mfupa utaugusa mzizi bila kizuizi katikati, na habari inayofuata baada ya hapo ni ndefu na ya kusikitisha. Tutaifikia.

Adui mkubwa wa seli hizo ni ukavu. Jino likikaa wazi hewani kwa dakika 30, sehemu kubwa ya seli za mzizi huwa zimekwisha kufa. Likifikisha dakika 60, madaktari hulihesabu kuwa halina tena utando ulio hai. Mipaka hiyo imo katika mwongozo wa Chama cha Kimataifa cha Majeraha ya Meno, uliotolewa upya mwaka 2020. Tishu huharakisha kifo hicho, kwa kuwa kazi yake ni kunyonya unyevu. Kuulipangusa mzizi nako hukwangua utando wenyewe. Mtu anayefuta mzizi mpaka ung'ae anadhani ameondoa uchafu. Ameondoa ile sehemu pekee iliyokuwa na uwezo wa kulishikisha jino tena.

Ushahidi wa jambo hili umekusanywa kwa subira. Jens Ove Andreasen, daktari wa Denmark aliyefanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Copenhagen, pamoja na wenzake, waliwafuatilia kwa miaka wagonjwa waliorudishiwa meno ya mbele yaliyong'oka. Mwaka 1995 walitangaza matokeo ya meno 400. Kama robo tu ya meno hayo ndiyo yaliyopona utando wake kikamilifu, na takriban matatu katika kila kumi yaliishia kung'olewa baadaye. Mtu anaweza kuzisoma takwimu hizo akakata tamaa. Lakini walipochambua yapi yalipona na yapi yalishindwa, jambo lililojitokeza wazi lilikuwa lile lililotokea kabla ya kliniki: jino lilikaa nje kwa muda gani, na lilikaa wapi. Yale yaliyorudishwa papo hapo yalifanya vizuri kuliko mengine yote.

Maziwa nayo hayakuingia katika huduma hii kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Sweden walilinganisha vimiminika ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata haraka, wakaona seli za mzizi huishi katika maziwa kwa saa kadhaa. Sababu zake zinaeleweka. Kiasi cha chumvichumvi kilichomo katika maziwa kinakaribiana na kile cha majimaji ya mwili, hivyo seli hazivimbi wala hazisinyai. Hayana ukali wa asidi. Yana chakula kidogo ambacho seli hukitumia, na yale ya pakiti yamekwisha kuchemshwa kiwandani, kwa hiyo vijidudu vyake ni vichache.

Maji ya bomba hayana sifa hiyo. Hayana chumvi ya kutosha, kwa hiyo huingia ndani ya seli, zikavimba na kupasuka. Ndiyo maana jino lililolowekwa kwenye glasi ya maji safi kabisa kwa saa moja hufika kliniki likiwa na hali mbaya, ingawa aliyelileta alidhani amelitunza. Hata hivyo maji ni afadhali kuliko kuliacha jino likauke. Yawe chaguo la mwisho, pale ambapo hakuna kingine.

Kabla ya kutafuta maziwa, kuna swali ambalo mtu mzima aliye karibu lazima alijibu haraka: hili ni jino la utotoni au la ukubwani? Jino la utotoni liking'oka halirudishwi. Chini yake, ndani ya taya, jino la ukubwani linaendelea kujengeka, na kulisukuma lile la utotoni kwenye tundu kunaweza kulijeruhi lile linalokuja. Mtoto aliye chini ya miaka sita, jino lake la mbele la juu karibu kila mara ni la utotoni. Huyo apelekwe kliniki kwa ajili ya uchunguzi, jino lake likiwa mkononi ili daktari ahakikishe limetoka zima, lakini mtu asijaribu kulirudisha.

Meno mawili makubwa ya mbele ya juu huota yale ya ukubwani mtoto akiwa na miaka saba au minane. Hulitambua jino la ukubwani kwa upana wake, kwa rangi yake inayoelekea njano kidogo ukililinganisha na majirani wa utotoni, na kwa ncha yake ambayo, likiwa jipya, ina vipindo vidogo kama meno ya msumeno. Umri wa miaka saba hadi kumi ndio wenye hatari zaidi, kwa sababu mzizi wa jino jipya bado ni mfupi na mfupa unaoushika bado ni laini. Kishindo ambacho kwa mtu mzima kingevunja jino, kwa mtoto wa umri huo hulichomoa zima. Na hao ndio watoto ambao bado wana mazoea ya kurusha jino juu ya paa likitoka. Mtoto wa darasa la pili anaweza kabisa kulitupa jino la ukubwani akidhani ni jingine lile lile la wiki iliyopita. Mtu mzima asiposhtuka naye, basi.

Tuseme msichana wa miaka tisa, darasa la tatu, anakimbia kwenda bombani wakati wa mapumziko, saa nne na nusu asubuhi. Anateleza, anapiga mdomo kwenye ngazi ya saruji. Jino moja la mbele la juu halipo tena, damu imejaa mdomoni, na wenzake wanapiga kelele.

Mwalimu anayefika kwanza ana jambo la kulitazama kabla ya jino. Je, mtoto alizimia, hata kwa muda mfupi? Anatapika, anasinzia, anaongea mambo yasiyoeleweka? Ikiwa ndiyo, kichwa kimeumia, na safari ni ya hospitali moja kwa moja. Jino litachukuliwa lakini halitangulii. Jambo la pili ni kupumua. Kama jino halionekani popote na mtoto anakohoa bila kukoma au anatoa mluzi kifuani, huenda amelivuta kwenye njia ya hewa, na hilo ni la dharura kuliko meno yote. Kwa msichana wetu mambo hayo hayapo. Analia kwa sauti, anajibu anapoulizwa jina lake. Mwalimu anampa kitambaa safi akibane pale panapotoka damu, kisha anawatuma watoto wawili watafute jino, na anawaonya wasiliguse.

Saa nne na dakika thelathini na tatu linaonekana chini ya ngazi, limepakaa mchanga. Mwalimu analishika kwa kichwa chake, yaani ile sehemu nyeupe ambayo huonekana mtu anapocheka. Mzizi, ile sehemu ndefu ya njano inayochongoka, haugusi kabisa, si kwa kidole wala kwa kitambaa.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kulirudisha jino mahali pake hapo hapo. Watu wengi huogopa kusikia hivyo, lakini tundu ndilo hifadhi isiyo na mfano: kuna joto la mwili, damu, na majimaji yale yale ambayo seli zimeyazoea. Jino likiwa na uchafu huoshwa kwanza kwa kumiminiwa maziwa au maji ya dripu ya chumvi, au mgonjwa hulitemea mate. Kama kuna maji ya bomba peke yake, yamiminwe taratibu kwa sekunde zisizozidi kumi, bila kusugua. Mtoto husukutua damu mdomoni. Kisha jino huelekezwa upande ulio laini na wenye mbinuko kidogo ukitazama nje, upande wenye bonde ukitazama ulimi, na kusukumwa polepole kwa kidole mpaka lilingane na jirani yake. Kwa kawaida huingia bila kutumia nguvu. Mtoto akishalirejesha huuma leso safi iliyokunjwa ili lisichomoke njiani. Likigoma kuingia, mtu asilazimishe. Na aliyeliingiza likakaa upande asijilaumu, kwani daktari anaweza kulinyoosha hata ndani ya siku mbili.

Msichana wetu lakini hakubali. Amefunga mdomo kwa hofu na maumivu, na kumshika kwa nguvu kungeongeza madhara. Mwalimu hapotezi muda kubembeleza. Anamwambia, "Mwanangu, tema mate humu," naye anatema mate yaliyochanganyika na damu kwenye kikombe safi. Jino linatumbukizwa humo. Mate si hifadhi ya saa nyingi, kwa kuwa yana vijidudu, lakini yanazuia ukavu wakati maziwa yanatafutwa. Zamani watu walishauriwa kumwambia mgonjwa alibane jino shavuni. Kwa mtoto anayelia hiyo ni hatari. Anaweza kulimeza, au likaingia kwenye njia ya hewa.

Mwanafunzi wa darasa la saba aliyetumwa dukani ng'ambo ya barabara anarudi na pakiti ya maziwa saa nne na dakika arobaini. Mwalimu anamwaga kidogo kwenye kikombe kingine, anachovya jino ili mchanga uliobaki uanguke, anayamwaga hayo, kisha anaweka maziwa mapya yanayolifunika jino lote. Anakifunika kikombe. Jino limekaa kavu kwa dakika tatu.

Maziwa gani? Ya kawaida, meupe, yasiyotiwa kitu. Yale ya pakiti yanayokaa muda mrefu bila friji yanafaa, na yale ya baridi kutoka kwenye friji yanafaa pia. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa nyumbani yanatumika yakishapoa kabisa. Mtindi usitumike kwa kuwa una asidi, wala maziwa yenye ladha ya matunda au chokoleti, wala chai ya maziwa, ambayo ina sukari na mara nyingi ina joto. Watu wa pwani huuliza kuhusu maji ya dafu. Yamejaribiwa maabara mara nyingi, na majibu yamepingana. Maji hayo yana asidi, na hayamo katika orodha ya mwongozo wa 2020. Maziwa yakikosekana, zahanati yoyote iliyo karibu huwa na chupa za maji ya dripu ya chumvi, na hayo ni mbadala mzuri kwa muda mfupi. Spiriti na dawa za kuua vijidudu zisilikaribie jino hata kidogo, maana haziui vijidudu peke yake.

Mwalimu anampigia simu mzazi, na mara tu baada ya hapo anapiga hospitali ya wilaya kuuliza kama daktari wa meno yupo siku hiyo. Simu hiyo ya pili ina thamani kubwa. Zahanati nyingi hazina huduma ya meno, na familia hupoteza saa nzima kwenda mahali ambapo wataambiwa waende pengine. Safari ni ndefu, gari linachelewa, na mama na binti wanafika kliniki saa sita na dakika kumi mchana. Jino limekaa nje ya mdomo kwa saa moja na dakika arobaini.

Kama lingekuwa ndani ya tishu, saa moja na dakika arobaini zote zingekuwa za ukavu na utando ungekuwa umekufa kabla gari halijafika nusu ya njia. Likiwa kwenye maziwa, daktari anapokea jino ambalo bado lina seli za kufanyia kazi. Barabara ni ile ile na saa ni zile zile, lakini ni meno mawili tofauti kabisa. Hii haina maana kwamba mtu akishapata maziwa anaweza kukaa kungoja gari la jioni. Maziwa hurefusha muda, hayausimamishi. Kadiri saa zinavyopita seli huendelea kupungua, na jino lililofika ndani ya saa moja lina nafasi nzuri kuliko lililofika baada ya tatu.

Mlangoni mama haongojei zamu yake. Anasema: "Shikamoo daktari, jino la mwanangu limeng'oka zima, liko kwenye maziwa tangu saa nne na dakika arobaini." Sentensi hiyo moja humpa daktari karibu kila anachohitaji. Katika foleni yenye watu waliokuja kung'olewa meno yanayouma, kesi hii hutangulia.

Kazi ya daktari yenyewe si ndefu. Jino hubaki kwenye maziwa wakati anapomkagua mtoto, anapopiga picha ya eksirei kuona kama mfupa umevunjika, na anapochoma sindano ya ganzi. Tundu huoshwa kwa maji ya chumvi ili damu iliyoganda itoke. Jino hurudishwa kwa kidole, kwa msukumo mdogo, kisha hufungwa pamoja na meno ya jirani kwa waya mwembamba, usiozidi milimita 0.4, unaogandishwa upande wa mbele kwa ile dawa ya kuzibia meno. Waya huo unatakiwa unyumbuke. Ukiwa mgumu kama chuma cha kushikilia mfupa uliovunjika, utando hauponi vizuri, kwa sababu nyuzi zinahitaji mtikisiko mdogo ili zijipange upya. Hukaa majuma mawili, kisha huondolewa. Fizi zilizochanika hushonwa. Mtoto huandikiwa dawa ya kuzuia maambukizi, na kwa kuwa jino liligusa ardhi, daktari huuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Nyumbani ni uji, wali laini, ndizi za kupondwa, maharage yaliyoiva sana. Si mahindi ya kuchoma wala miwa, kwa majuma mawili. Mtoto apige mswaki laini kila baada ya kula. Wazazi wengi huacha kupiga mswaki sehemu iliyoumia wakidhani wanaipumzisha, na uchafu unaojikusanya hapo ndio unaoleta vijidudu kwenye fizi zinazojaribu kufunga.

Baada ya hapo matibabu hutegemea umri wa mzizi. Ndani ya kila jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoingia kupitia kitundu cha ncha ya mzizi. Jino liking'oka mishipa hiyo hukatika. Kwa mtu mzima kitundu hicho ni chembamba mno, mishipa haiwezi kupita tena, hivyo nyama ya ndani hufa na kuoza. Kwa hiyo matibabu ya ndani ya mzizi lazima yaanze ndani ya majuma mawili tangu jino liliporudishwa. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, ncha ya mzizi bado iko wazi, na mishipa mipya wakati mwingine hujipenyeza, jino likaendelea kukua. Kwake daktari hungoja na kuchunguza mara kwa mara. Msichana wa miaka tisa yuko katikati, na ni picha ya eksirei itakayosema.

Hapa ndipo kesi nyingi zilizoanza vizuri huharibika. Jino limerudi, halitikisiki, tabasamu limekamilika, na mzazi haoni sababu ya kulipa nauli tena. Jino lililokosa matibabu ya mzizi haliumi lazima. Sumu ya nyama iliyooza hupenya taratibu kwenye ukuta wa mzizi, na mwili hujibu kwa kuanza kuula mzizi wenyewe. Kwa mtoto hilo linaweza kuumaliza mzizi ndani ya miezi michache tu. Dalili ni kipele cha usaha kwenye fizi, jino kuanza kutikisika upya, ama rangi kugeuka kijivu. Lakini mara nyingi eksirei huonyesha kabla ya dalili yoyote. Ndiyo sababu ya ratiba inayoonekana ndefu: baada ya majuma mawili, majuma manne, miezi mitatu, miezi sita, mwaka, kisha kila mwaka kwa angalau miaka mitano.

Tatizo la pili ni lile la utando uliokufa kwa ukavu. Mfupa huungana na mzizi moja kwa moja. Mwili, ambao kila siku hubomoa mfupa wa zamani na kujenga mpya, huuchukulia mzizi kuwa ni mfupa, ukaubomoa polepole na kujaza mfupa mahali pake. Hakuna dawa ya kusimamisha jambo hili. Daktari hulitambua kwa kugonga jino kidogo: hutoa sauti kali ya juu, kama ya chuma, tofauti na majirani zake. Kwa mtu wa miaka thelathini jino la namna hiyo linaweza kumfaa kwa miaka kumi au zaidi kabla mzizi haujaisha. Kwa mtoto anayekua ni shida ya aina nyingine, kwa sababu taya na meno mengine hushuka kadiri uso unavyorefuka, na lile lililoungana na mfupa hubaki juu. Mwaka hadi mwaka huonekana fupi zaidi. Likiachwa kwa kiasi kikubwa, daktari hulazimika kukata kichwa chake na kuuacha mzizi ndani uendelee kugeuka mfupa, ili taya isibonyee.

Kuna watu wachache ambao daktari anaweza kuamua wasirudishiwe jino: wenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, wenye maradhi fulani mazito ya moyo, au ambao jino lenyewe lilikuwa limeoza vibaya. Uamuzi huo ni wa daktari akiwa na mgonjwa mbele yake. Haupitishwi uwanjani, na hakuna sababu ya kulitupa jino kwa kukisia.

Shule haina haja ya vifaa vya gharama kwa jambo hili. Sanduku la huduma ya kwanza likiwa na pakiti ndogo ya maziwa yanayokaa bila friji, ikibadilishwa kabla tarehe yake haijapita, kikombe chenye kifuniko, na karatasi yenye namba ya simu ya kliniki ya meno iliyo karibu, shule hiyo imejiandaa. Wanaopanga mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walimu, kwa makocha wa mitaani na kwa madereva wa bodaboda, ambao nao huanguka na abiria wao, waliingize somo la jino katika saa hiyo hiyo wanayofundisha kuzuia damu. Linachukua dakika kumi.

Na aliyesoma haya akiwa amechelewa, jino limeshakaa ndani ya tishu tangu asubuhi, asilitupe. Alitie kwenye maziwa sasa hivi na aende kliniki leo hii, asingoje kesho. Nafasi ya utando kupona imepita, lakini daktari bado anaweza kulirudisha, na hata jino litakalodumu miaka michache huhifadhi mfupa wa taya na umbo la uso wa mtoto mpaka afikie umri wa kuwekewa jino la bandia la kudumu.